Mwanafunzi Hasi Mmoja wa Kilindoni

Haya jamani, niliahidi habari za papa potwe nikirudi kutoka Mafia. Zitakuja. Kwanza nitoe hili lililonikaa kooni tangu nipande boti Kilindoni kurudi Nyamisati, kwa sababu kila nikilifikiria naona aibu kidogo, na aibu ikikaa sana ndani huwa inaoza.

Nilifikia kwa rafiki yangu mmoja anayefundisha hisabati sekondari. Usiku mmoja alikuwa anatunga mtihani wa kidato cha pili, mada ya seti, ambayo katika muhtasari wa 2005 iko kidato hicho hicho. Mnaikumbuka: maduara yanayolaliana ndani ya mstatili, wangapi wanapenda hiki, wangapi kile, wangapi vyote, wangapi hawapendi chochote. Akalalamika kwamba swali hili linamla muda kuliko yote. Mimi, mwandishi wa habari niliyepata alama ya kujivunia enzi zangu, nikamwambia, "Mwalimu, lete karatasi. Swali la seti ni dakika tano."

Kweli nikamaliza kwa dakika tano. Nikaweka na uhalisia wa kisiwani, nijione mjanja: darasa la wanafunzi 40, wameulizwa wanafanya nini nje ya saa za shule. 22 wanacheza mpira, 24 wanakwenda chuoni (chuo cha Kurani, nyie wa bara msije mkadhani chuo kikuu), 20 wanakwenda pwani kuokota chaza na kusaka pweza. Mpira na chuo ni 14, mpira na pwani 13, chuo na pwani 9. Wasiofanya lolote kati ya hayo ni 6. Wangapi wanafanya yote matatu?

Mwalimu akakokotoa kwa kanuni tunayoijua sote. Jumlisha maduara matatu, toa jozi tatu, ongeza wanaofanya yote. 22 na 24 na 20 ni 66. Jozi ni 14 na 13 na 9, jumla 36. 66 toa 36 ni 30. Walio ndani ya maduara ni 40 toa 6, yaani 34. Basi wanaofanya yote ni 4. Jibu zima, dogo, zuri. Nikanyoosha miguu.

Akasema, "Sasa nitafutie wanaocheza mpira peke yake."

Nikatafuta. Wachezaji ni 22. Toa 14 wanaocheza na kwenda chuoni, toa 13 wanaocheza na kwenda pwani, halafu rudisha wale 4 kwa sababu umewatoa mara mbili. 22 toa 27 ongeza 4. Nikarudia. Nikarudia tena. Hasi moja.

Kilindoni kuna mtoto mmoja, ndugu msomaji, ambaye hayupo kiasi kwamba akija uwanjani wachezaji wanapungua.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: maswali mengi ya seti yanayozunguka kwenye mitihani ya kujipima, vitini vya tuisheni na karatasi za kunakilishwa yanatungwa kama nilivyotunga mimi. Mtu anaokota jumla kichwani, anapitisha kwenye kanuni, akipata namba nzima isiyo hasi anafunga daftari. Na kanuni haisemi kitu. Hapo ndipo ubaya ulipo. Kanuni inajali jumla tu, haiangalii kila kipande cha mchoro. Swali langu lilijibika, lingesahihishwa na lingepewa alama. Angeumia mtoto makini tu, yule anayejaza mchoro wote kabla ya kujibu, maana angefika kwenye hasi moja, angejitilia shaka, angefuta jibu sahihi na kuanza upya hadi kengele ilie. Mvivu angepata alama zote.

Kosa hilo unaweza kuliona bila kukokotoa sana. Katika wachezaji wangu 22, 14 wanakwenda chuoni na 13 wanakwenda pwani. 14 na 13 ni 27, na wachezaji ni 22 tu. Kwa hiyo watano angalau lazima wawe wamehesabiwa kote kuwili, yaani wanafanya yote matatu. Jibu langu lilisema wanne. Mgongano ulikuwa ndani ya sentensi mbili za swali lenyewe, mwandishi hakuuona kwa sababu alikuwa ananyoosha miguu.

Mchezo huu wa "angalau wangapi lazima" si mpya. Lewis Carroll, yule aliyeandika kisa cha Alisi, alikuwa mwalimu wa hisabati Oxford, na mwaka 1885 alitoa kitabu cha mafumbo kiitwacho A Tangled Tale. Moja ya mafumbo yake linahusu wazee wastaafu wa jeshi: asilimia 70 wamepoteza jicho, 75 sikio, 80 mkono na 85 mguu. Kwa uchache ni asilimia ngapi waliopoteza vyote vinne? Kwa kila mia geuza swali: wenye macho yote ni 30, wenye masikio yote 25, wenye mikono yote 20, wenye miguu yote 15. Hata kama hao wote ni watu tofauti, wanafika 90. Wanabaki 10 ambao hawana pa kukimbilia, wamepoteza vyote. Fumbo la kusikitisha, ila mtu anayetunga swali la seti anatakiwa aweze kufanya hesabu hiyo ya kugeuza kabla ya kuandika namba ya kulaliana. Huwezi kuipanga popote upendapo. Ina sakafu na ina dari.

Turudi Mafia. Mwalimu hakunicheka (alicheka kesho yake, mbele ya wenzake). Alinieleza kwamba yeye hatungi kuanzia jumla. Anaanza na vipande. Maduara matatu yanagawa darasa katika vipande vinane: kwa kila jambo mtoto ni ndiyo au hapana, mbili mara mbili mara mbili. Mpira tu, chuo tu, pwani tu, jozi tatu bila la tatu, yote matatu, na wale walio nje ya maduara. Ukijaza vipande vinane kwa namba zisizo hasi, jumla zozote utakazozipata haziwezi kudanganyana. Hasi haina mlango wa kuingilia. Kisha unaficha baadhi ya vipande, na hapo ndipo swali linapozaliwa. Ni kama kushona nguo halafu kufumua pindo. Mimi nilianza na mapindo.

Tena hakutaka kubuni hata hivyo vipande. Kesho yake tuliingia darasani, wanafunzi 45, kila mmoja akapewa kipande cha karatasi. Kwa nini asinyooshe mikono tu, niliuliza. Akasema mikono aliijaribu zamani. Ukiuliza nani anakwenda chuoni, wote wananyoosha, nani atataka aonekane haendi? Ukiuliza mpira, wavulana wanaangaliana kwanza. Na hata mikono ikiwa ya kweli, inakupa jumla tatu tu, haikwambii nani yuko wapi na wapi, kwa hiyo lazima uulize tena jozi moja moja, na mtoto aliyenyoosha mara ya kwanza anasahau kunyoosha mara ya nne. Karatasi moja yenye alama tatu inamweka mtoto kwenye kipande kimoja tu kati ya vinane, hana pa kupotelea.

Swali lenyewe lilileta matata kabla hata ya kalamu kugusa karatasi. Mwalimu aliandika ubaoni: je, unakwenda pwani? Mkono ukanyooka nyuma: "Mwalimu, bamvua au maji mafu?" Nikacheka, lakini mtoto alikuwa na haki. Wakati wa bamvua maji hukauka sana, miamba inatokeza, watu wanatembea kwa miguu wakitafuta pweza. Maji mafu yakija hakuna cha kufuata huko. Mtoto yule yule ni ndiyo wiki hii na hapana wiki ijayo. Na bamvua pande hizi hukausha kama saa nne asubuhi, muda wa shule, kwa hiyo mwanafunzi anasubiri Jumamosi ya bamvua. Swali likafutwa, likaandikwa upya: katika siku saba zilizopita, nje ya saa za shule, ulifanya angalau mara moja lipi kati ya haya? Weka alama kwa kila ulilofanya, hata yote, hata hakuna.

Hiyo "hata yote, hata hakuna" iangalieni vizuri. Maswali mangapi mmeyaona yanayosema "wanafunzi walichagua mchezo wanaoupenda kuliko yote", kisha yanadai 8 walichagua mpira na pia netiboli? Unaopenda kuliko yote ni mmoja. Maduara ya namna hiyo hayalaliani hata yakilazimishwa. Mtunzi amebandika maneno juu ya namba bila kusikiliza maneno yanasema nini, halafu tunashangaa mwanafunzi anasoma namba peke yake na kuruka maneno.

Karatasi zikarudi, tukazipanga mezani mafungu manane, kila fungu likalaliwa na kijiwe kwa sababu ya kusi lililokuwa linaingia madirishani. Kuhesabu mara ya kwanza zikaja 44. Moja ilikuwa chini ya meza. Hii nayo ni faida ya mafungu: jumla yake lazima iwe idadi ya watoto mliowaona kwa macho, na isipokuwa, unajua papo hapo. Mwisho tukapata hivi. Mpira tu 6, chuo tu 11, pwani tu 4. Mpira na chuo bila pwani 7, mpira na pwani bila chuo 3, chuo na pwani bila mpira 5. Yote matatu 5. Hakuna hata moja 4. Jumla 45.

Kutoka hapo jumla zinajitengeneza zenyewe. Wachezaji ni 6 na 7 na 3 na 5, yaani 21. Wa chuo 28. Wa pwani 17. Mpira na chuo, wakiwemo wale wa yote matatu, ni 12. Mpira na pwani 8. Chuo na pwani 10. Jaribu kanuni: 66 toa 30 ongeza 5 ni 41, na 45 toa 41 ni 4. Inakaa. Swali likaandikwa: darasa la 45, 21, 28, 17, jozi 12, 8 na 10, wasiofanya lolote 4, tafuta wanaofanya yote matatu, kisha wanaocheza mpira peke yake. Hiyo sehemu ya mwisho, kwa maoni yangu, isikosekane kamwe, kwa sababu inamlazimisha hata mtunzi kushuka kwenye kipande.

Sasa tufike penye nyama. Swali la sekondari linaandikwa kwa Kiingereza, na roho yake yote iko kwenye kaneno kamoja kenye maana ya "tu". "12 wanacheza mpira na kwenda chuoni" na "7 wanacheza mpira na kwenda chuoni tu" ni habari mbili tofauti za darasa lile lile. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku nako kuna utata, ukiniambia "12 wanafanya hili na lile" naweza kudhani la tatu hawalifanyi. Basi mtoto anachukua 12 anaiweka kwenye kipande cha mpira-na-chuo-bila-pwani. Anafanya hivyo kwa 8 na 10 pia. Nini kinatokea?

Tumfuate. Kaweka 12, 8 na 10, na katikati kaweka x. Mpira tu inakuwa 21 toa 12 toa 8 toa x, yaani 1 toa x. Chuo tu, 6 toa x. Pwani tu, hasi 1 toa x. Anajumlisha vipande vyote, anapata 36 toa 2x. Hiyo inatakiwa iwe 41. Kwa hiyo x ni hasi mbili na nusu.

Mwanafunzi hasi, na nusu mtu! Nilidhani ni bahati ya namba zetu. Mwalimu akaniambia nijaribu darasa lolote, jozi zozote, na mtoto akikosea kwa namna hiyo hiyo. Nilikaa barazani na kalamu hadi chai ikapoa. Jibu sahihi likiwa x, mwenye kusahau "tu" kwa namna hii atapata daima nusu ya x, ikiwa hasi. Sababu yake ni nyepesi: jumla ya maduara ukitoa jozi kamili, inapungukiwa na x kufikia walio ndani ya maduara. Mwenye kosa anatafuta pengo hilo hilo, ila kwenye mlinganyo wake lina hasi 2x. Na kosa la upande wa pili, swali likisema "tu" na mtoto akachukua kama jozi kamili akatumia kanuni, linampa hasi 2x. Kwa namba zetu, hasi kumi.

Kwa hiyo kosa hili la lugha linapiga kelele lenyewe, ila kelele zake zinaweza kuzimwa. Tungekuwa na 4 badala ya 5 katikati, mtoto angepata hasi 2, na watoto wana tabia (nilikuwa nayo) ya kuiona hasi kama uchafu wa kalamu: wanaifuta, wanaandika 2, wanapita. Kipande cha katikati kikiwa namba witiri inatoka hasi yenye nusu, na nusu mtu ni ngumu kuifuta. Ndiyo maana Mwalimu akitunga swali la darasani anaweka namba witiri katikati. Kwetu darasa lenyewe lilitupa 5 bila kuombwa, bahati njema.

Lakini kelele hizo zinasaidia tu ikiwa mtoto anaamini kwamba swali ni safi. Hapo ndipo ninapowakasirikia watunzi wa dakika tano, nikianza na mimi. Mtoto aliyekwisha kukutana na swali bovu mara mbili tatu hujifunza kwamba hasi hutokea tu, ni mambo ya karatasi. Akipata hasi yake mwenyewe kwa sababu ya "tu", hashtuki tena.

Data za kweli nazo zina mipaka yake, nisije nikaonekana nimerudi na dini mpya. Darasa la kweli linaweza kukupa kipande chenye sifuri, au maduara mawili ambayo moja limemezwa na jingine, na kwa mtihani wa kidato cha pili hilo linaweza kuwa zito. Mwalimu akikutana na hilo anahamisha karatasi moja mbili kati ya mafungu, hapo mezani, bila kugusa jumla moja kwa moja. Na kuna mambo ya kutouliza kabisa. Alinisimulia kwamba mwaka mmoja nusura aulize nani alikunywa chai na nani alikula asubuhi, akaona kipande cha "hakuna hata moja" kitakuwa na watoto halisi wameketi mbele yake. Akaacha.

Hicho kipande cha nje kina historia yake pia. John Venn alipochapisha michoro yake mwaka 1880 hakuizungushia mstatili, walio nje waliachwa wakielea kwenye karatasi tupu. Carroll ndiye aliyewajengea uzio ili nao wawe na mahali pa kuhesabiwa. Darasa letu lilipoona ubaoni kwamba wanne hawana mpira, hawana chuo, hawana pwani, likaanguka kicheko na kutaka majina. Mwalimu akakataa, karatasi hazikuwa na majina. Msichana mmoja karibu na mlango akasema bila kunyoosha mkono, "Kuna watu wanapika, mwalimu."

Swali likabaki na maduara matatu. Lakini jioni nilimwona Mwalimu akichora la nne pembeni ya daftari, akitafuta vipande kumi na sita, akikuna kichwa.